Muda wa Kichujio: Jinsi Roboti Yetu ya Kujisawazisha Ilivyoacha Kupotoka

Roboti ya magurudumu mawili husimama kwa kujua jambo moja tu: imeinama nyuzi ngapi kutoka wima, na kwa upande gani. Ikishalijua hilo, mota huyapeleka magurudumu upande ule inakoangukia mpaka yafike tena chini ya uzito wake. Katika roboti niliyoitengeneza hapa Tanga pamoja na vijana wawili wanaokuja kwangu Makorora jioni baada ya masomo, kazi ya mota haikutusumbua sana. Kilichotushughulisha kwa muda mrefu ni kuipata pembe yenyewe, maana kihisi tulichokuwa nacho kilitupa majibu mawili yasiyolingana, na kila jibu lilikuwa na uongo wa namna yake.

Umbo lake ni la kawaida. Fremu ni ya vipande vya mbao nyembamba vilivyopangwa ghorofa tatu, mota mbili zenye giya ziko chini, betri mbili za lithiamu ziko juu, na katikati kuna bodi ya Arduino Uno, bodi ya kuendeshea mota ya L298N, na kihisi cha MPU-6050. Kipande hicho kidogo cha MPU-6050 kina vihisi viwili ndani yake: jairoskopu inayopima kasi ya kugeuka, na akselerometa inayopima mchapuko katika mielekeo mitatu. Programu tuliyoanzia ilitumia jairoskopu peke yake, na roboti ilisimama kwa utulivu wa kupendeza kwa karibu nusu dakika, kisha ikaanza kujiendea upande mmoja, ikazidi kukimbia, ikaanguka ukutani. Tulipobadili na kutumia akselerometa peke yake, haikukimbia, lakini ilitetemeka kwa nguvu kiasi kwamba giya zililia, na ilianguka papo hapo kila ilipoguswa.

Tabia hizo mbili zinaeleza karibu kila kitu kuhusu vihisi hivyo, kwa hiyo nitaanza nazo.

Jairoskopu haijui pembe. Inajua tu kwamba sasa hivi roboti inageuka kwa kasi ya nyuzi kadhaa kwa sekunde. Ili kupata pembe, programu huchukua kasi hiyo, huizidisha kwa muda uliopita tangu kipimo kilichotangulia, na kujumlisha vipande hivyo vidogo kimoja baada ya kingine. Tuliiweka katika kipimo cha nyuzi 500 kwa sekunde, ambapo kila nyuzi moja kwa sekunde huonekana kama namba 65.5. Roboti ikiwa imelazwa mezani bila kuguswa, namba iliyopaswa kusomeka ni sifuri, lakini wastani wa vipimo mia tano ulikuwa takribani −98. Ukigawanya kwa 65.5 unapata karibu nyuzi −1.5 kwa sekunde. Wanafunzi wa fizikia hulifahamu jambo hili kwa jina la kosa la sifuri, kama lile la maikromita ambayo haisomi sifuri ikiwa imefungwa. Tofauti ni kwamba hapa kosa hilo hujumlishwa kila sekunde. Baada ya sekunde kumi, pembe inayodhaniwa imeshapotoka nyuzi 15 ingawa roboti haijasogea hata kidogo.

Programu yetu ilikuwa tayari inaliondoa kosa hilo kwa kutoa wastani uliopimwa wakati wa kuwasha. Lakini wastani hauwi kamili, na kosa lenyewe hubadilika kidogo kadiri kipande kinavyopata joto. Yakibaki mabaki ya nyuzi 0.05 tu kwa sekunde, baada ya nusu dakika yamekuwa nyuzi moja na nusu. Roboti inaamini imesimama wima kumbe imelala nyuzi moja na nusu upande mmoja, na ili isianguke katika hali hiyo ni lazima iendelee kuongeza mwendo kuelekea huko. Hiyo ndiyo nusu dakika tuliyokuwa tukiiona.

Akselerometa kwa upande wake inafanya kazi ya timazi la mwashi. Ikiwa imetulia, inahisi mvutano wa dunia tu, na kwa kulinganisha kiasi kinachoonekana katika mhimili wa mbele na kile kinachoonekana katika mhimili wa juu, hesabu ya `atan2` inatoa pembe moja kwa moja, bila kujumlisha chochote na bila kupotoka hata ukiiacha usiku kucha. Lakini mpe abiria wa bajaji timazi alishike mkononi, na utaliona likilala nyuma pindi dereva anapoongeza mafuta, na likilala mbele anaposhika breki. Timazi haliwezi kutofautisha mvutano wa dunia na mchapuko wa chombo, na akselerometa vilevile. Roboti ikiongeza mwendo kwa mita 1 kwa sekunde kwa kila sekunde, akselerometa inapotea kwa karibu nyuzi 5.8, ikiongeza kwa mita 2, inapotea kwa nyuzi 11.5. Na roboti ya kujisawazisha huongeza na kupunguza mwendo muda wote, maana ndiyo njia yake ya kusimama. Ongeza mtetemo wa giya za plastiki, na utaelewa kwa nini ile ya pili ililia vile.

Basi jairoskopu ni ya kuaminika kwa muda mfupi, na akselerometa ni ya kuaminika kwa muda mrefu. Kichujio kamilishi, yaani hesabu inayochanganya majibu ya vihisi hivyo viwili kuwa pembe moja, kimejengwa juu ya ukweli huo mmoja. Kinachukua mabadiliko ya haraka kutoka kwenye jairoskopu na wastani wa polepole kutoka kwenye akselerometa, na kwa kuwa sehemu hizo mbili zinakamilishana, jumla yake ni pembe nzima bila kupungua wala kuzidi. Katika programu ni mstari mmoja:

```
pembe = a * (pembe + kasi * dt) + (1.0 - a) * pembeAks;
```

Hapa `kasi` ni kasi ya kugeuka kutoka kwenye jairoskopu baada ya kuondoa kosa la sifuri, `dt` ni muda wa mzunguko mmoja wa programu kwa sekunde, `pembeAks` ni pembe ya akselerometa, na `a` ni namba iliyo karibu sana na 1. Kila mzunguko, programu inasogeza pembe kwa kadiri jairoskopu inavyosema, kisha inaivuta kidogo sana kuelekea kule akselerometa inakoonyesha.

Programu nyingi za aina hii utazikuta zimeandikwa `a` ni 0.98, na yetu ilikuwa hivyohivyo. Tulipoiweka, roboti ilisimama bila kukimbilia ukutani. Hata hivyo ilisimama kwa wasiwasi, ikienda mbele na nyuma kwa upana wa kiganja, na ukiisukuma kidogo kwa kidole ilijirudi kupita kiasi na mara nyingi ikaanguka. Mmoja wa vijana alipendekeza tubadilishe namba za kidhibiti cha mota. Mimi nilitaka kwanza tujue ile 0.98 inamaanisha nini.

Yenyewe haimaanishi kitu mpaka uijue `dt`. Kinachomaanisha kitu ni muda ambao kichujio kinachukua kuhama kutoka kuiamini jairoskopu hadi kuiamini akselerometa, nami nitauita muda wa kichujio. Unapatikana hivi:

```
TAU = a * dt / (1 - a)
```

Mzunguko wetu ulikuwa wa milisekunde 5, yaani mara 200 kwa sekunde. Weka 0.98 na 0.005 katika fomula hiyo, unapata sekunde 0.245. Mtu mwingine mwenye mzunguko wa milisekunde 10 na 0.98 hiyohiyo anapata sekunde 0.49, mara mbili ya yetu, na roboti yake itakuwa na tabia tofauti kabisa ingawa mstari wa programu unafanana herufi kwa herufi. Ndiyo maana sasa sikubali tena kuandika `a` moja kwa moja. Ninaandika muda ninaoutaka, na programu yenyewe inatafuta `a`.

Sasa chukua msukumo wa kidole. Tuseme roboti inachapuka kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, kwa muda wa sekunde 0.2. Katika muda huo akselerometa iko nje kwa nyuzi 11.5. Kichujio cha muda wa sekunde 0.245 kinakuwa kimeumeza zaidi ya nusu ya uongo huo, karibu nyuzi 6.4. Kichujio cha sekunde 0.5 kinameza nyuzi 3.8, na cha sekunde 1 kinameza 2.1. Kwa roboti inayosimama kwa kutofautisha nusu nyuzi, kosa la nyuzi 6 ni sawa na kutokuwa na kihisi. Kule kuyumba kwa upana wa kiganja kulitokana na hapo: kila roboti ilipochapuka ili ijisawazishe, akselerometa ilidanganya, kichujio kikaukubali uongo mapema mno, na roboti ikajirekebisha kwa jambo ambalo halikuwepo.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini basi tusiweke muda mrefu sana, hata sekunde kumi? Wapo wanaofanya hivyo na roboti zao husimama vizuri, mradi jairoskopu imepimwa kwa uangalifu. Lakini upo upande wa pili wa mizani, na ndio uliotuchukua muda mrefu kuuona. Kichujio kamilishi hakiondoi kosa la sifuri la jairoskopu. Kinalizuia tu lisijumlishwe bila mwisho. Linabaki pale kama kosa la kudumu katika pembe, na ukubwa wake ni mabaki ya kosa la sifuri ukizidisha kwa muda wa kichujio. Hesabu ni fupi: jairoskopu inasukuma pembe kwa kasi ya kosa hilo, akselerometa inaivuta kwa nguvu inayolingana na umbali uliopo, na pembe inatulia pale mvuto unapolingana na msukumo.

Chukua jairoskopu yetu bila kuondoa kosa lake la nyuzi 1.5 kwa sekunde. Kwa muda wa kichujio wa nusu sekunde, pembe itapotoka nyuzi 0.75 na kubaki hapo. Ni kidogo kwa macho, lakini mwili ulioinama nyuzi 0.75 unahitaji mchapuko wa karibu mita 0.13 kwa sekunde kila sekunde ili usianguke. Katika sekunde tano umeshafika mwendo wa zaidi ya nusu mita kwa sekunde na umesafiri zaidi ya mita moja na nusu. Kwa hiyo roboti yenye kichujio kizuri bado inaweza kujiendea, na anayeitazama atasema kichujio hakifanyi kazi, kumbe kinafanya kazi yake yote na kosa liko kabla yake. Ukiliondoa kosa hilo mpaka yakabaki mabaki ya 0.05, muda wa kichujio wa sekunde 1 unakupa kosa la nyuzi 0.05 tu.

Hivyo ndivyo tulivyoufikia uamuzi wetu. Tulipima kosa la sifuri kila tunapowasha, roboti ikiwa imelazwa sakafuni bila kuguswa kwa sekunde tatu hivi, kwa wastani wa vipimo mia tano. Kisha tuliiacha ikiwashwa mpaka bodi ya mota ipate joto lake la kawaida, tukapima tena. Bodi ya L298N hupoteza umeme mwingi kwa joto, na yetu ilikuwa imefungwa sentimita chache tu juu ya kihisi. Katika chumba cha Makorora mchana wa kaskazi hapo hapakuwa na ubaridi wowote wa kusaidia. Kosa lilikuwa limehama kwa karibu nyuzi 0.3 kwa sekunde. Kwa muda wa sekunde 1, hilo ni nyuzi 0.3 za kosa la kudumu. Kwa sekunde 10 lingekuwa nyuzi 3, ambazo roboti haiwezi kuzivumilia. Tuliihamisha bodi ya mota mbali na kihisi, na tukachagua sekunde 1. Sikusudii kusema kwamba sekunde 1 ni jibu la kila roboti. Ni jibu la jairoskopu inayohama kiasi kile na mota zinazochapuka kiasi kile.

Mistari ya programu ikawa hivi:

```
const float TAU = 1.0;

unsigned long sasa = micros();
float dt = (sasa - zamani) * 1e-6;
zamani = sasa;

float a = TAU / (TAU + dt);
float pembeAks = atan2(ay, az) * 57.2958;
float kasi = (gx - kosaSifuri) / 65.5;
pembe = a * (pembe + kasi * dt) + (1.0 - a) * pembeAks;
```

Kwa `dt` ya milisekunde 5, `a` inakuwa karibu 0.995. Jambo moja dogo la kuangalia ni mwanzo: kabla ya mzunguko wa kwanza, `pembe` ipewe thamani ya `pembeAks`, na `zamani` ipewe `micros()`. Ukiianza pembe kwa sifuri wakati roboti imelala ubavu, kichujio cha sekunde 1 kitachukua takribani sekunde tatu kuufikia ukweli, na ukiinyanyua mapema itaruka mkononi.

Kupima `dt` kwa saa ya bodi yenyewe, badala ya kuandika 0.005 na kutumaini, ni jambo ninalolisisitiza kwa sababu ya mkasa uliotupata. Roboti ilikuwa na tabia moja programu ikichapisha namba kwenye skrini ya kompyuta, na tabia nyingine tulipoizima sehemu ya kuchapisha. Programu ile ya kwanza ilikuwa na 0.005 iliyoandikwa kwa mkono, na ilichapisha pembe mbili kwenye skrini kila mzunguko kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kila herufi huchukua zaidi kidogo ya milisekunde moja. Mstari wa herufi 13, ukihesabu na alama za kumaliza mstari, huchukua karibu milisekunde 13.5, na nafasi ambamo herufi hungojea kutumwa ikijaa, programu nzima husimama kusubiri. Mzunguko wa milisekunde 5 ukawa wa 13.5, lakini hesabu iliendelea kudhani ni 5. Jairoskopu ikawa inahesabiwa kwa asilimia 37 tu ya kile inachokisema.

Kulitambua tatizo hilo kwa kuitazama roboti ikiyumba ni vigumu, kwa kuwa mambo mengi huleta kuyumba. Tulihitaji kipimo kisicho na mota. Nilikwenda kwa seremala mmoja mzee pale Ngamiani ambaye ndiye aliyetukatia fremu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kile kigari chenu kimesimama?"

"Kinasimama kidogo, mzee. Leo naomba kabari moja ya mbao, iwe na nyuzi 30 kamili."

"Kamili kwa macho, au kamili kwa kipimo?"

"Kwa kipimo. Tunataka tukipimie kile kigari."

Aliikata kwa msumeno, akaihakiki mara mbili kwa bevel yake ya kupimia pembe, akaipiga msasa, na akakataa malipo. Kabari hiyo ya mkangazi ndiyo chombo chenye manufaa kuliko vyote tulivyotumia, nami namshauri yeyote anayefanya kazi hii atafute yake kabla hajagusa namba za kidhibiti. Namna ya kuitumia ni hii. Chomoa mota. Weka roboti, au kihisi peke yake, juu ya meza iliyo sawa, na uwe na pembe ikisomeka kwenye skrini. Kisha ihamishe kwa haraka, katika robo sekunde hivi, kutoka mezani hadi juu ya kabari, na utazame namba inavyokwenda. Kwa kuwa mwendo ni mfupi kuliko muda wa kichujio, namba inayotokea mara moja ni ya jairoskopu. Na kwa kuwa baada ya hapo kila kitu kimetulia, namba inayofikiwa mwishoni ni ya akselerometa. Kabari inavitenganisha vihisi viwili bila kubadili hata mstari mmoja wa programu.

Namba ikiruka hadi 30 na kubaki hapo, vihisi vinakubaliana. Ikiruka hadi 11 tu kisha ikapanda polepole mpaka 30, jairoskopu inahesabiwa pungufu, na hiyo ndiyo ilikuwa hali yetu: 37 kwa mia ya 30 ni 11. Ikiruka hadi 60 kisha ikashuka hadi 30, kigawanyo hakilingani na kipimo kilichowekwa, kwa mfano unagawanya kwa 65.5 wakati kihisi bado kiko katika kipimo chake cha mwanzo cha nyuzi 250 kwa sekunde, ambacho kigawanyo chake ni 131. Na ikiruka hadi −30 kisha ikarudi kupitia sifuri kwenda 30, basi alama za vihisi viwili zinapingana, na moja kati yake lazima igeuzwe kwa kuzidisha kwa −1. Roboti yenye alama zinazopingana haiwezi kusimama hata ukirekebisha kidhibiti mwaka mzima, kwa sababu katika kila sehemu ya kwanza ya kuanguka inaambiwa inaangukia upande wa pili.

Tulipoongeza kasi ya kuchapisha hadi 115200, tukachapisha mara moja tu katika kila mizunguko ishirini, na tukaipima `dt` kwa `micros()`, kabari ikatoa 30 mara ya kwanza. Roboti ikaacha kuyumba kwa upana wa kiganja na ikasimama ikitikisika kwa milimita chache, ikichapisha namba au isipochapisha. Yule kijana aliyetaka kubadili namba za kidhibiti aliniangalia akasema, "Mwalimu, kumbe kidhibiti hakikuwa na shida." Nilimjibu kwamba bado tutakirekebisha, ila sasa tutakuwa tunarekebisha kidhibiti na siyo kihisi.

Limebaki jambo moja ambalo kichujio hiki hakiliwezi, na ni vyema lielezwe wazi kwa sababu linafanana sana kwa sura na lile tulilolitatua. Fikiria roboti iliyoinama mbele nyuzi mbili na inachapuka mbele kwa kiasi kilekile kinachohitajika ili isianguke. Katika hali hiyo, mvutano wa dunia na mchapuko vikijumlishwa vinaangukia sawasawa kwenye mhimili wa mwili wa roboti. Pembe ya akselerometa inasomeka sifuri. Roboti imeinama, inakimbia, na timazi lake linasema iko wima. Jairoskopu nayo haioni kitu, maana hakuna kugeuka. Hali hiyo ikidumu kuliko muda wa kichujio, pembe iliyochujwa inaufuata uongo, na roboti inaendelea kukimbia mpaka mota zifike mwisho wa mwendo wake. Hakuna thamani ya `a` itakayoiokoa, kwa sababu vihisi vyote viwili havina habari hiyo.

Habari hiyo inapatikana kwenye magurudumu. Mota zetu hazina visomaji vya mzunguko, kwa hiyo tulitumia njia ya chini yake: programu inatazama wastani wa amri zinazokwenda kwa mota, na ikiona zinaelekea mbele kwa muda, inaisogeza pembe inayoihesabu kuwa wima nyuma kidogo, kwa sehemu ndogo sana ya nyuzi katika kila mzunguko, zikielekea nyuma, inaisogeza mbele. Kwa njia hiyo roboti hujitafutia wima wake yenyewe, na mabaki ya kosa la sifuri yanayoletwa na joto, pamoja na kihisi kisichofungwa sambamba na fremu, na betri iliyosogea milimita mbili, yote yanafidiwa pamoja. Usogezaji huo lazima uwe wa polepole mara nyingi kuliko muda wa kichujio. Tulipoufanya wa haraka, roboti ilianza kutembea mbele na nyuma kwa mawimbi marefu yaliyokuwa yakikua, na tukaupunguza mpaka mawimbi yakafa.

Hata hivyo bado haikai mahali pamoja. Ukiiacha katikati ya chumba, utaikuta baada ya muda imesogea na imegeuza uso wake, kwa kuwa akselerometa haiwezi kusaidia kitu kuhusu mgeuko unaofanyika kuzunguka wima. Mvutano wa dunia unaonekana uleule roboti ikitazama baharini au ikitazama Ngamiani. Kwa mwelekeo huo jairoskopu iko peke yake, na kosa lake la sifuri linajumlishwa kama siku ya kwanza. Mota zenye visomaji vya mzunguko tumeshaziagiza, na sehemu ya kuzifunga imeshatobolewa kwenye fremu.